Nimeshakubali ofa kwingine, niwaambieje wale walionisaili?

*"Mimi ni afisa ununuzi, nina miaka minne kazini. Mwezi uliopita nilifanyiwa usaili mara mbili kwenye kampuni ya vifaa vya hospitali hapa Dar. Mara ya pili nilikaa na mkurugenzi mwenyewe, akaniambia 'tutakupigia.' Mwalimu wangu wa chuo ndiye aliyepeleka jina langu pale. Kumbe kampuni nyingine niliyoomba imejibu kwanza, na jana nimekubali ofa yao kwa barua pepe. Rafiki yangu anasema ninyamaze, wakipiga ndipo niseme. Mwingine anasema nisubiri kwanza nione mshahara wao. Sitaki kumwaibisha mwalimu, na sitaki mlango ule ufungwe. Niwaambieje?"*

Kabla hujampigia mtu yeyote, fungua tena hiyo barua ya ofa uliyoikubali jana, uisome pole pole kama unavyosoma ankara ya mzabuni usiyemjua. Neno "ofa" siku hizi linabeba vitu vitatu. Kuna ofa ya simu, ile ya "karibu sana kwetu, barua inakuja." Kuna barua ya ofa yenye masharti. Na kuna mkataba uliosainiwa na pande zote mbili. Kwa ofa ya simu usiache chochote, hata kama aliyekupigia ni bosi mkubwa. Ukiwa na mkataba uliosainiwa, huna la kusubiri. Watu hukwama kwenye ile ya katikati, na kwa jinsi ulivyoeleza nadhani ndiyo uliyo nayo.

Angalia kama barua inasema ajira yako itathibitika baada ya vyeti kuhakikiwa, baada ya wadhamini kupigiwa simu, au baada ya kupimwa afya. Kama imesema hivyo, mpigie mwajiri mpya leo umuulize mambo hayo yatakamilika lini, na uombe nakala iliyosainiwa na pande zote mbili. Unapoipata, ipitie ukiwa na kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, unapoanza kazi, mambo ya msingi: kazi utakayofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo pamoja na namna yanavyokokotolewa. Barua yenye mambo hayo yote unaweza kuiegemea. Iliyoandika cheo na mshahara tu, tarehe ya kuanza ikaachwa "itatajwa baadaye," bado ni mbichi.

Kusubiri siku mbili tatu za kazi ili karatasi ikae sawa ni haki yako. Ikipita wiki, unawachelewesha wale wengine kwa tatizo lisilo lao. Na wakikupigia ndani ya siku hizo, usijifanye hujui. Sema: "Nashukuru sana. Kuna ofa nyingine naikamilisha, nitawapa jibu la uhakika Alhamisi kabla ya saa sita mchana." Umetaja siku na saa, kwa hiyo hawabaki wakikukisia. Barua ya kuacha kazi uliyo nayo sasa nayo isubiri karatasi hiyo hiyo. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kuwa umeweka ndefu zaidi, basi ukague kabla hujamwahidi mwajiri mpya tarehe ya kuanza.

Sasa hebu tuingie ndani ya ile kampuni ya vifaa vya hospitali, maana ushauri wa kunyamaza unatoka kwa mtu asiyejua kinachoendelea huko.

Baada ya usaili wa pili, karatasi za alama hujumlishwa, na kwa kawaida hubaki majina mawili au matatu yaliyopangwa kwa ubora. Afisa rasilimali watu huandika dokezo kwa mkurugenzi: tunapendekeza fulani, mshahara wake uwe kiasi hiki, aanze tarehe fulani. Wadhamini hupigiwa. Mkurugenzi huidhinisha, ndipo barua ya ofa huandaliwa. Wakati huo wote yule wa pili hajaambiwa chochote. Hajakataliwa wala hajaitwa; amewekwa akiba kwa sababu waajiri wanajua wa kwanza anaweza kuponyoka. Ila akiba hiyo inaoza haraka. Naye ana maombi kwingine, naye anasubiri simu.

Ukijitoa leo, kabla dokezo halijapanda juu, afisa anabadilisha jina moja kwenye kompyuta yake na kazi inaendelea. Ukijitoa baada ya dokezo kuidhinishwa, itabidi arudi kwa mkurugenzi kueleza kwa nini mtu aliyempendekeza hayupo, na hiyo si safari tamu kwa mtumishi yeyote. Ukijitoa baada ya barua ya ofa kutoka, huenda wa pili ameshapata kazi, wa tatu hakufikisha alama, na tangazo linarudiwa kuanzia mwanzo. Wewe uliyeondoka ni yule yule mara zote tatu, lakini mara ya kwanza watasahau kufikia Ijumaa, na mara ya tatu jina lako litakuwa linatajwa kwenye vikao. Ndiyo maana nakwambia kunyamaza mpaka wakupigie ni kuchagua kwa hiari yako ile hatua ya mwisho, yenye gharama kubwa kuliko zote.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa kada yako huisahau. Kwenye wasifu wako, kati ya wadhamini, je, yumo mtu wa ofisi uliyopo sasa? Kama yumo, kila siku unayochelewa ni siku ambayo kampuni hiyo inaweza kumpigia bosi wako kumuuliza tabia yako kazini, kwa nafasi ambayo wewe mwenyewe huitaki tena. Bosi atajua unaondoka kabla hujamwambia, tena kutoka kwa watu usiokwenda kwao.

Na huyu rafiki wa pili, wa "subiri uone mshahara"? Ningemwelewa kama ungekuwa hujakubali popote. Mtu mwenye ofa mkononi ambaye hajajibu ana kila sababu ya kumwambia mwajiri wa pili kwamba anatakiwa kutoa jibu kufikia tarehe fulani, na waajiri wengi huharakisha mambo wakisikia hivyo. Wewe umeshaandika "nakubali." Kuanzia hapo ofa ya pili haikuongezei uchaguzi. Inakuletea ama kuvunja neno ulilotoa jana, ama kumkataa mkurugenzi ambaye tayari ametia saini. Ukimkataa akiwa ameshasaini, atajiuliza kama ulikuwa unamtumia kama mzani wa kupimia bei, na wewe uliyezoea kuita nukuu tatu za bei unajua mzabuni anavyojisikia akigundua nukuu yake iliombwa ili kutimiza idadi tu.

Kuna hali moja inayobadilisha hesabu hii. Kama ukweli wa moyoni ni kwamba hiyo kampuni ya vifaa vya hospitali ndiyo unayoitaka, na uliikubali ile nyingine kwa hofu, basi mtu wa kuambiwa mapema ni yule mwajiri mpya, na mambo yake ni mazito zaidi kwa sababu kuna makubaliano tayari. Lala nalo usiku mmoja, si zaidi. Kuanzia hapa nachukulia kwamba uamuzi wako wa jana unasimama.

Wa kwanza kupigiwa ni mwalimu. Mpigie leo jioni, kabla ya kampuni, na iwe simu, si ujumbe. Alipopeleka jina lako pale alikopesha heshima yake, na mwakani atataka kumpeleka mwanafunzi mwingine kwa mkurugenzi huyo huyo. Kinachomwaibisha mtu wa namna hiyo ni kupigiwa na mkurugenzi anayeuliza "mwanafunzi wako vipi, mbona kajitoa?" huku yeye hana habari. Akiwa na habari, ana jibu, na mtu mwenye jibu haaibiki. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, hujambo? Vipi, wamekupigia?"

"Bado mwalimu, na ndiyo sababu nimekupigia. Kampuni nyingine niliyokuwa nimeomba imenijibu kwanza, na nimeshakubali. Kesho saa tatu asubuhi nitawapigia rasilimali watu niwaambie naondoa maombi yangu. Nimeona usikie kwangu kwanza, maana wewe ndiye uliyenipeleka pale."

Hapo nyamaza umsikilize. Angalia kwamba umemtajia saa. Umempa usiku mzima wa kumpigia rafiki yake mkurugenzi kama anapenda kumwambia mwenyewe, na kama hapendi, anajua kesho mambo yatakuwa wapi. Usimwombe akufikishie ujumbe. Huo ni mzigo wako. Anaweza kuudhika kidogo, anaweza kukwambia ungemshirikisha mapema, na pengine ana haki. Pokea. Akikushauri uende kwanza ukasikilize watakachokupa, mjibu kwa adabu kwamba umeshatoa neno lako kule. Walimu wengi wakisikia hivyo hulegea, kwa sababu ndilo wangependa wanafunzi wao waseme hata siku wanayoachwa wao. Wadhamini wengine uliowaandika waambie kwa ujumbe mfupi tu: hawatapigiwa tena na kampuni ile, ila mwajiri mpya anaweza kuwapigia.

Kesho yake, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, piga kampuni. Mpigie yule aliyekuwa anakuita kwenye usaili, afisa rasilimali watu, hata kama una namba ya mkurugenzi. Kumruka ni kumwonyesha bosi wake kwamba yeye hajui kinachoendelea kwenye kazi yake mwenyewe, na huyo ndiye atakayefungua faili lako siku ukirudi. Simu isizidi dakika mbili. Jitambulishe kwa jina na nafasi uliyoomba, kwa sababu anaweza kuwa na nafasi nyingine tano mezani. Kisha sema moja kwa moja: "Nimepiga kukujulisha kwamba nimekubali nafasi kwingine, kwa hiyo naondoa maombi yangu. Nimeona niwahi ili msikwame. Nakuandikia barua pepe sasa hivi iwe kwenye kumbukumbu." Asipopokea, jaribu tena baada ya saa moja. Asipopokea tena, andika barua pepe na utaje ndani yake kwamba ulipiga mara mbili. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp uache kabisa. Hauingii kwenye faili, hausomeki kikaoni, na ukisambazwa unasambaa na pumzi zako zote.

Barua pepe ijibu ile ile waliyokuitia usaili, kwa kubonyeza "Reply," badala ya kuanza mpya. Kwa njia hiyo jina la nafasi, kumbukumbu namba na tarehe vinabaki chini yake, na afisa hatafuti. Nakala kwa mkurugenzi weka kama tu aliwahi kukuandikia mwenyewe. Kama barua zote mlizoandikiana zilikuwa za Kiingereza, endelea na Kiingereza. Zikiwa za Kiswahili, inaweza kukaa hivi:

YAH: KUONDOA MAOMBI YANGU YA NAFASI YA AFISA UNUNUZI

Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya simu ya leo asubuhi.

Napenda kuwajulisha rasmi kwamba naondoa maombi yangu ya nafasi ya Afisa Ununuzi, ambayo nilifanyiwa usaili mara mbili mwezi uliopita. Nimekubali nafasi kwa mwajiri mwingine, na nimeona ni vema mfahamu mapema ili muendelee na waombaji wengine.

Nawashukuru kwa muda mlionipa. Maelezo ya Mkurugenzi kuhusu kuagiza vitendanishi vya maabara kwa mikataba ya mwaka mzima yamenifungua macho, na naomba mnifikishie shukrani zangu kwake.

Mnaweza kuendelea kutunza wasifu wangu kwa ajili ya nafasi nyingine zitakazojitokeza baadaye.

Wenu,
(jina kamili na namba ya simu)

Ni barua fupi, na ufupi huo umekusudiwa. Aya ya pili inasema "naondoa," haisemi "nafikiria kuondoa" wala "naomba mniruhusu." Ukiandika kwa kuomba ruhusa, afisa anayesoma haraka atadhani mlango uko wazi, atakupigia kujadiliana, na utalazimika kukataa mara ya pili. Kukataa mara moja kunatosha. Sababu imetajwa kwa sentensi moja, na ni ya kweli. Usiandike mama anaumwa, usiandike unahamia mkoani. Wenzako wa ununuzi na ugavi mnasajiliwa na bodi moja na mnakutana kwenye makongamano yake, na mkurugenzi wa kampuni inayouza kwa hospitali anajuana na maafisa ununuzi wengi kuliko unavyodhani. Baada ya mwezi atasikia upo wapi. Uongo mdogo wa leo ndio utakaoufunga ule mlango, wala si kule kujitoa.

Sentensi ya kumshukuru mkurugenzi nimeiweka kama mfano. Yako iwe kitu alichokisema kweli, ukakikumbuka. Kama hukumbuki chochote, iache, ishukuru kamati kwa jumla. Sifa ya kubuni inanuka hata kwa barua pepe. Ile ya kutunza wasifu inaonekana ndogo lakini ina kazi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kampuni zenye utaratibu mzuri hazipendi kukaa na vyeti vya mtu ambaye hakuajiriwa bila sababu inayoeleweka. Ukiwaandikia kwamba umeridhia watunze kwa nafasi za baadaye, umewapa sababu ya kutokufuta.

Kilichoachwa nje nacho kimeachwa makusudi. Jina la mwajiri mpya halimo, mshahara haumo, wala kulinganisha hakumo. Radhi ndefu pia haimo, kwa sababu hukukosea. Ulikuwa mwombaji huru, na hawakuwa wamekupa ofa. Anayeomba radhi mara nne humfanya msomaji aanze kutafuta kosa liko wapi.

Kama maombi yako ya mwanzo yaliingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa kampuni, huenda una kitufe kilichoandikwa "Withdraw" kwenye akaunti yako. Kibonyeze baada ya simu na barua pepe, si kabla. Mifumo mingine hutuma taarifa yenyewe kwa rasilimali watu, na si vizuri afisa ajue habari zako kutoka kwa mashine dakika kumi kabla hujampigia. Kwa sababu hiyo hiyo, usibadilishe chochote LinkedIn wala usikubali kupongezwa kwenye makundi ya wahitimu mpaka barua hii iwe imeondoka.

Sasa uwe tayari kwa maswali kwenye simu, maana yatakuja. La kwanza ni "unakwenda wapi?" Hulazimiki kujibu, na kukwepa kwa upole kunakubalika: "Nitawajulisha nikishaanza, kwa sasa wameniomba nisitangaze." Ila sema hivyo kama wameomba kweli. Kama hawajaomba, sema tu ungependa kuanza kwanza.

La pili ni "wanakulipa ngapi, labda tungekuongeza." Hapa ndipo wengi hulainika. Jibu ninalolipenda ni hili: "Nashukuru sana kwa kunifikiria, lakini nimeshatoa neno langu kule, na nisingependa kuanza na nyinyi kwa kulivunja la mwingine." Husikii mkurugenzi mwenye akili akichukia jibu hilo, kwa kuwa siku moja anaweza kuwa upande ule wa pili. Usitaje mshahara hata kwa kukadiria. Ukiutaja, umegeuza kujitoa kuwa zabuni.

Wakikuuliza kama kuna mtu unamfahamu anayefaa, hapo una nafasi ya kuwaachia kitu. Toa jina moja, la mtu ambaye ungemwajiri kwa fedha zako, na baada ya kumuuliza yeye kwanza. Wasipouliza, usijipendekeze kwa orodha.

Kuna jambo la kada yako ambalo mtu wa uhasibu au wa masoko asingelihitaji sana. Hii ni kampuni inayouza vifaa vya hospitali, na wewe kazi yako ni kununua. Jiulize mwajiri wako mpya ana uhusiano gani nayo. Kama ni mshindani wake, yaani naye anauza vifaa vya hospitali, basi chochote ulichokisikia kwenye usaili kuhusu bei wanazopata, wazalishaji wanaowatumia au mipango ya mikataba kibaki pale pale ulipokisikia. Ukikipeleka kwenye kazi mpya watajua kilikotoka, maana ni watu wachache walioketi kwenye chumba kile. Kama ni mteja wake, kwa mfano hospitali binafsi au shirika linaloendesha zahanati, basi miezi mitatu ijayo mkurugenzi yule yule anaweza kuwa amekaa mbele yako na bahasha ya zabuni. Siku utakapojaza fomu ya mgongano wa maslahi kwa mwajiri mpya, andika kwamba ulifanyiwa usaili na kampuni hiyo mwaka huu. Kusailiwa si kosa, na mstari mmoja unatosha. Ila usipouandika, siku utakapoipitisha zabuni yao mtu atauliza mbona hukusema, na siku utakapoikataa, wao watadhani unalipiza kitu.

Baada ya hapo uhusiano hauhitaji kumwagiliwa kila wiki. Ukimaliza muda wa majaribio kwenye kazi mpya, mpe mwalimu taarifa, ikiwezekana nenda umsalimie chuoni. Mtumie yule afisa ujumbe mfupi mwisho wa mwaka. Mkikutana kwenye kongamano la bodi, mfuate wewe kwanza mkurugenzi umsalimie. Ukimkwepa, ndipo atakapoona una jambo. Na ikitokea kazi mpya haikukaa, unaweza kuwaandikia tena kwenye barua pepe ile ile, ukieleza kwa sentensi mbili nini kimetokea. Nafasi ile itakuwa imejazwa. Lakini wataona chini yake barua yako ya kujitoa, na tarehe yake, na kwamba iliwafikia kabla hawajapata hasara.

Niweke mipaka ya majibu haya. Nimezungumzia kampuni binafsi, na mtu ambaye hajapewa ofa na wale anaowaaga. Nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira zina utaratibu wake. Ukiwa umeshapangiwa kituo, andika kwa Katibu wa Sekretarieti na kwa mwajiri uliyepangiwa kabla ya tarehe ya kuripoti, usiache tarehe ipite kimya. Na kama kumbe ulisaini karatasi yoyote na kampuni ya vifaa vya hospitali, au walikupa fedha za nauli ya kuhamia, au mkataba wa mwajiri wako wa sasa una kipengele cha kurejesha gharama za mafunzo ukiondoka kabla ya muda, barua pepe haitoshi. Chukua nakala zote, uende nazo kwa wakili au kwa afisa kazi kabla hujaandika neno lolote. Mtu anayezisoma karatasi mezani ataona vitu ambavyo mimi siwezi kuviona kwa maelezo ya aya moja.

Mwisho, wanaweza wasijibu barua yako kabisa. Hilo ni la kawaida, na halimaanishi wamekasirika. Afisa ameshahamia kwa jina la pili na ana haraka. Hakikisha tu ilifika. Kama baada ya siku tatu za kazi hujapata hata "tumepokea," piga mapokezi uulize kama afisa yupo ofisini wiki hii. Akiwa likizo, mwombe anayekaimu umtumie nakala.